Brifu ya mkubwa kabla ya kikao cha Nile: nini kiingie, nini kibaki nje

Tuanze na picha moja. Naibu Waziri wa Maji ametoka ofisini Mtumba, Dodoma, kakaa kiti cha nyuma, simu haijanyamaza, na mkononi ana folda yenye karatasi mlizomwandalia nyinyi watu wa idara. Anaenda kukutana na ujumbe wa Misri kuhusu maji ya Nile. Kikao kitachukua saa moja, na kwenye gari ana kama dakika kumi na tano za kusoma, tena ukitoa simu mbili tatu zinabaki nane. Hizo dakika nane ndo maisha yote ya brifu yako. (Kikao chenyewe nimekitunga kwa ajili ya mfano, ila mikataba, miaka na takwimu nitakazotaja ni za kweli kabisa.)

Wengi wanaoanza kazi hii wanaandika brifu kama ripoti iliyokatwa mkia. Wanaanza na historia ya mto, urefu wake, nchi unazopita, jumuiya ilianzishwa lini, alafu ukurasa wa sita ndo unakutana na neno "changamoto". Mkubwa hafiki ukurasa wa sita. Ripoti inaeleza jambo lilivyo, ila brifu inamwandaa mtu kwa sentensi fulani atakayoambiwa usoni na mtu mwingine, na inampa cha kujibu. Kwa hiyo mimi kabla sijafungua hata kompyuta najiuliza hivi: yule mgeni ataongea sentensi gani ambayo bosi wangu akiijibu vibaya tutahangaika nayo miaka kumi? Hiyo nikishaipata, brifu nzima naijenga kuizunguka.

Kwenye maji ya Nile hiyo sentensi inajulikana. Mgeni atasema kwa upole kabisa, pengine baada ya chai: "Ndugu zetu, sisi hatuna shida na maendeleo yenu, tunachoomba ni kwamba mradi wowote kwenye Ziwa Victoria au mito inayoingia ziwani, mtuombe ridhaa kwanza kama ilivyo desturi." Inasikika kama heshima tu kati ya ndugu. Lakini ndani yake imekaa barua ya mwaka 1929.

Hapa inabidi twende taratibu maana bila kuielewa hiyo barua huwezi kuandika hata mstari mmoja wa brifu hii. Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua, na Uingereza ilikuwa inaongea kwa niaba ya nchi ilizokuwa inazitawala, Tanganyika ikiwemo. Kiini chake kilikuwa hivi: bila Misri kukubali kwanza, kusijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, kama kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, itabadilisha muda wa kufika, au itashusha kina chake kwa namna ya kuidhuru Misri. Yaani mtu wa Mwanza aliamuliwa kuhusu maji ya ziwa lililo mlangoni kwake na watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Alafu mwaka 1959 Misri na Sudan wakasaini mkataba wao wawili wa kugawana mto: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5, na kama bilioni 10 zikahesabiwa kuwa zinapotea kwa mvuke kule bwawa la Aswan. Jumla bilioni 84, yani mto wote unaofika Aswan kwa wastani umeshagawanywa, na nchi za juu, mto unakotoka, hazikuachiwa hata ndoo.

Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, na tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba yale makubaliano ya barua za 1929 hayaifungi Tanganyika, ila iko tayari kukaa mezani kuzungumza namna ya kugawana maji kwa haki. Huo msimamo wa kutokurithi mikataba ya mkoloni kienyeji ndo wanasheria duniani wanauita Msimamo wa Nyerere mpaka leo. Ni jambo la kujivunia, na nadhani vijana wengi wa wizara wanaingia kazini bila kuujua vizuri.

Sasa rudi kwa mgeni na neno lake "ridhaa". Bosi akijibu "hamna shida, tutaomba ridhaa", hata kama alikusudia adabu tu, mwandishi wa kumbukumbu wa upande wa pili ataandika kwamba Tanzania imekubali kuomba ridhaa. Msimamo wa zaidi ya miaka 60 unapata ufa kwa sababu ya neno moja lililotoka kwenye mdomo wenye ukarimu. Ndo maana kwenye brifu hii kitu cha kwanza kabisa, juu kuliko historia, juu kuliko hata wasifu wa mgeni, ni maneno matatu na tofauti zake: kuarifu, kushauriana, na kuomba ridhaa. Kuarifu ni kumwambia mwenzako unachopanga na kumpa takwimu. Kushauriana ni kumsikiliza, pengine ukarekebisha kitu, ila uamuzi unabaki wako. Kuomba ridhaa ni kumkabidhi ufunguo. Mawili ya kwanza Tanzania inayakubali, na hata mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile unazitaka nchi zibadilishane taarifa za miradi inayopangwa. La tatu haikubali. Hayo unayaandika kwa herufi nzito, na unamwambia bosi waziwazi: neno "ridhaa" na neno "idhini" yasitoke kinywani kwenye kikao hiki, hata kwa utani, hata kwenye chakula cha jioni.

Na pia mwelekeze mkalimani. Hili linasahaulika sana. Bosi anaweza kusema "tutashauriana nanyi" vizuri kabisa, mkalimani akalitoa kwa Kiarabu au Kiingereza likawa limebeba harufu ya kukubaliana kwanza. Kaa na mkalimani dakika kumi kabla, mpe yale maneno matatu, kubalianeni atayatafsiri vipi.

Baada ya hapo ndo zinakuja fakti. Na hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu niliyowahi kuharibu mwenyewe.

Miaka ya nyuma ofisi niliyokuwa nafanya kazi walitaka brifu ya haraka kuhusu Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, ule ambao wenyewe wanauita CFA. Nikafanya walivyonifundisha wote: nikachukua brifu ya zamani kwenye jalada, nikabadilisha tarehe na jina la mgeni, nikasoma haraka, nikapeleka. Brifu ile ya zamani ilisema mkataba haujaanza kutumika kwa sababu unahitaji nchi sita ziridhie na zimefika tano. Ilikuwa kweli ilipoandikwa. Ila mimi nilikuwa naandika mwishoni mwa 2024. Kaka mmoja mtu mzima pale idarani, mtu wa masjala kwa miaka mingi, akapita mezani akaichukua akaisoma kimya, alafu akaniuliza, "Mdogo wangu, hii hesabu ya nchi tano ni ya lini?" Nikasema ni ya kwenye jalada. Akasema, "Jalada halina kalenda." Tukakaa tukaangalia upya, kumbe Sudan Kusini ilisharidhia katikati ya mwaka huohuo ikawa ya sita, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Fikiria mkubwa angesema mbele ya wajumbe "mkataba huu bado haujaanza kutumika" wakati nchi yake ni mojawapo ya zile sita zilizoufanya uanze. Nilisikia baridi mgongoni.

Tangu siku hiyo kila fakti kwenye brifu yangu naiwekea pembeni tarehe niliyoihakiki mwenyewe, siyo tarehe ya karatasi niliyoitoa. Alafu nazigawa fakti mafungu matatu, na hili ndo jambo kubwa ninaloweza kumwambia mtu anayejifunza kazi hii.

Fungu la kwanza ni fakti ngumu, ambazo hata mgeni hawezi kuzibishia. Mkataba ulifunguliwa kusainiwa Entebbe Mei 2010. Tanzania ilisaini siku ya kwanza pamoja na Ethiopia, Uganda na Rwanda, na ikaridhia 2015. Walioridhia wakafikisha sita ni Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan hazijasaini. Hizo bosi anaweza kuzitaja bila wasiwasi wowote.

Fungu la pili ni misimamo, yaani vitu ambavyo kila upande unaviita ukweli lakini ni tafsiri. Kwamba barua ya 1929 imekufa, huo ni msimamo wetu. Kwamba bado iko hai, huo ni msimamo wao. Kwamba Misri ina "haki ya kihistoria" ya zile bilioni 55.5, msimamo. Mwandishi mvivu anachanganya fungu hili na la kwanza, anaandika "mkataba wa 1929 hautambuliki kisheria" kana kwamba kuna mahakama iliyoamua. Hakuna iliyoamua. Bosi akilisema kama fakti, mgeni mwenye wanasheria wazuri atamuuliza "kwa hukumu ipi?" na hapo atakosa pa kushika. Andika "Tanzania haijawahi kujihesabu imefungwa nayo, na ilisema hivyo kwa maandishi tarehe 4 Julai 1962". Inauma vilevile, ila hiyo haipingiki.

Fungu la tatu ni vitu vinavyotembea, ambavyo leo viko hivi na mwezi ujao vinaweza kuwa vingine: nani anajiandaa kuridhia, tume mpya ya bonde imefikia wapi kuundwa, mazungumzo ya bwawa la Ethiopia yako hatua gani. Hizi unaziandika na tarehe, na unamwambia bosi asizitaje yeye, asubiri akiulizwa.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye mkataba ambao brifu lazima iutaje, maana unatokana na kusema kweli nusu. Mkataba umeanza kutumika, sawa, lakini unawafunga walioridhia tu. Bosi akijisikia nguvu akasema "sasa mkataba upo, kwa hiyo na nyie unawahusu", kakosea, na wenzetu walishajiandaa na hilo: Misri na Sudan zilitoa tamko la pamoja Oktoba 2024 kwamba hauwahusu. Kumsukumia mtu mkataba asiousaini ni kosa lilelile tunalolilalamikia kwenye barua ya 1929. Ukimwandikia bosi hivyo, kwa maneno hayohayo, hatasahau.

Na kifungu cha kumi na nne (b). Hiki ndo kilichovunja mazungumzo. Nchi nyingi zilikubali maneno kwamba nchi isiathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka isomeke kwamba nchi isiathiri vibaya usalama wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa za nchi nyingine. Ukisoma harakaharaka unaona ni kitu kilekile. Lakini "matumizi na haki zilizopo sasa" maana yake ni bilioni 55.5, na ukikubali maneno hayo umekubali mkataba wa 1959 kwa mlango wa uani. Hawakuelewana, kwa hiyo kifungu kikawekwa pembeni kama kiambatisho, kitatuliwe na tume ya bonde ndani ya miezi sita baada ya tume kuundwa. Mgeni anaweza kuja na karatasi yenye "maneno ya maridhiano" kuhusu kifungu hiki. Brifu inamwambia bosi: pokea, shukuru, usisome hapohapo, usitoe maoni, sema wataalamu wataipitia. Basi.

Sasa twende kwenye namba, maana mkubwa anapenda namba na mgeni pia anazo. Kanuni yangu ni namba moja iliyochambuliwa vizuri, siyo kumi zilizomwagwa. Kwa kikao hiki ningechagua mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria kupeleka Kahama na Shinyanga, ule uliozinduliwa 2009, baadae ukapelekwa mpaka Tabora, Nzega na Igunga. Huu ni mradi ambao Tanzania iliujenga bila kuomba ridhaa ya mtu, kwa hiyo mgeni akiongelea "mfano mbaya" atautaja huo, na sisi tukiongelea mfano mzuri tunautaja huohuo.

Mtambo wa pale Ihelele, Misungwi, ulisanifiwa kwa kuanzia kusafisha mita za ujazo 80,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 365, unapata kama milioni 29 kwa mwaka. Linganisha na bilioni 55.5 za Misri: ni kama sehemu tano katika elfu kumi. Ila bilioni na milioni hazikai kichwani, kwa hiyo igeuze iwe kitu cha kuonekana. Ziwa Victoria lina eneo la kama kilomita za mraba 68,800. Ukiyatandaza yale maji milioni 29 juu ya ziwa lote, unapata tabaka la chini ya nusu milimita. Kwa mwaka mzima. Wakati huohuo jua peke yake linanyanyua kwenye ziwa hilohilo maji ya kina kinachozidi mita moja kila mwaka, na mvua ndo inayarudisha kwa sehemu kubwa. Mkubwa akishika kidole chake na kusema "ni chini ya nusu milimita kwa mwaka", hata mtafsiri hawezi kuiharibu.

Lakini brifu ya kweli haiishii kwenye namba inayotupendeza. Chini yake hapohapo andika mgeni atajibu nini. Atasema: "Hatubishani na nusu milimita, tunaogopa milango ikifunguliwa kila nchi itachota, na jumla yake itatufikia." Na hiyo hoja ina uzito wake. Misri ina watu zaidi ya milioni 100 na karibu maji yao yote yanatoka kwenye mto huu mmoja, mvua hawana ya kutegemea. Nimewahi kuona brifu zinazoandika upande wa pili kama wakorofi tu, na mimi hilo silikubali kabisa, siyo kwa sababu ya upole bali kwa sababu linampeleka bosi kikaoni akiwa hajui mwenzake anaogopa nini. Mtu asiyejua hofu ya mwenzake hawezi kujua ni kitu gani kidogo anaweza kumpa kikamtuliza. Hapa kitu hicho kipo: takwimu. Kumpa Misri takwimu za kina cha ziwa na matumizi yetu, kwa ratiba, kupitia chombo cha bonde, hakutugharimu uhuru wetu hata kidogo na kunawatoa hofu. Hiyo ndo zawadi ya kikao, na bosi aijue kabla hajaingia.

Kuna fakti moja zaidi inayosaidia na wengi hawaijui. Maji mengi yanayofika Misri, kama asilimia 85, yanatoka nyanda za juu za Ethiopia. Upande wetu wa maziwa makuu unachangia kama asilimia 15, kwa sababu Nile Nyeupe ikifika kwenye kinamasi cha Sudd kule Sudan Kusini inapoteza takriban nusu ya maji yake kwa mvuke. Kwa hiyo Misri ikituangalia sisi haituangalii kwa wingi wa maji tu, inatuangalia kama kura na kama sauti. Inataka kujua tuko upande gani kwenye lile bwawa kubwa la Ethiopia, GERD, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo bilioni 74, lililozinduliwa Septemba 2025. Hapo ndo kwenye hatari.

Hatari kwenye brifu watu wanaziorodhesha kama bidhaa dukani, kumi na mbili, kila moja na "wastani" au "juu" pembeni. Mkubwa hawezi kubeba hatari kumi na mbili. Mimi naandika tatu, na kila moja naiandika kama tukio, yaani itatokeaje ukiwa umekaa pale.

Ya kwanza tumeshaiongea, neno ridhaa. Itatokea mwishoni mwa kikao, watu wameshalegea.

Ya pili ni bwawa la Ethiopia. Itatokea hivi: mgeni ataeleza masikitiko yake kwa dakika tano, alafu atanyamaza na kumwangalia bosi. Ukimya unamfanya mtu mstaarabu aseme kitu cha kuliwaza, kama "kweli jambo hili linasikitisha". Kesho yake gazeti la kule linaandika Tanzania imeunga mkono msimamo wa Misri, na jioni simu inapigwa kutoka Addis Ababa. Jibu liandaliwe neno kwa neno, fupi, lenye kujaza ule ukimya.

Ya tatu ni ya kwetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy, kwa mkataba uliosainiwa Desemba 2018. Ni undugu mkubwa na bosi atataka kuushukuru, na ashukuru. Hatari ni kuunganisha shukrani na Nile kwenye sentensi moja. Rufiji haumo kabisa kwenye bonde la Nile, unamwaga Bahari ya Hindi. Akisema "kwa kuwa mlitusaidia Rufiji, nasi tutawaangalia kwenye Nile", kaweka deni mezani ambalo halikuwepo. Kwa hiyo brifu inasema: shukrani za Rufiji zitolewe mwanzoni, wakati wa kukaribisha, alafu zifungwe hapo. Nile ianze na aya yake.

Sasa maneno ya kuzungumza. Kosa la kwanza hapa ni kuyaandika kwa lugha ya karatasi. "Kusisitiza umuhimu wa ushirikiano endelevu" siyo kitu ambacho mtu anaweza kukisema, ni kichwa cha habari, bosi atakiangalia na itabidi atunge mwenyewe palepale, na akitunga ndo lile neno linatoka. Andika sentensi nzima, alafu isome kwa sauti. Ukiishiwa pumzi, ikate. Ningeandika kama hivi:

"Tanzania inakiri kabisa kwamba kwa Misri mto huu ni uhai. Hatuna mpango wowote wenye nia ya kuwaumiza."

"Tutawaarifu miradi yetu, na tutawapa takwimu. Tungependa wataalamu wetu wakae pamoja wapange ratiba ya kubadilishana takwimu za ziwa."

"Maji ya Kahama na Shinyanga ni maji ya kunywa. Kwa mwaka mzima ni chini ya nusu milimita ya Ziwa Victoria."

Mgeni akisema desturi ya ridhaa: "Msimamo wetu tuliwaandikia tarehe 4 Julai 1962 na haujabadilika. Barua hiyohiyo ilisema tuko tayari kuzungumza, na hilo nalo halijabadilika."

Mgeni akinyamaza kuhusu Ethiopia: "Tunawatakia nyote watatu, Misri, Sudan na Ethiopia, mpatane mezani. Tanzania ni rafiki wa wote." Alafu aende moja kwa moja kwenye ajenda inayofuata, na kwenye brifu umwandikie ajenda hiyo ni ipi ili asitafute.

Umeona ile ya 1962 ilivyokaa. Inakataa bila kumkwaruza mtu, kwa sababu nusu ya pili inafungua mlango, na zote mbili ni kweli kwenye karatasi ileile moja. Mimi nikiipata sentensi ya namna hiyo naona brifu imeshaiva, mengine ni kupanga tu.

Kuhusu mpangilio sitaongea sana. Kurasa mbili, herufi kubwa ya kusomeka gari likitikisika. Juu kabisa mistari mitatu: tunataka nini kwenye kikao hiki, wao wanataka nini, na neno gani lisitamkwe. Kisha maneno ya kuzungumza, maana akisoma kitu kimoja tu kiwe hicho. Kisha hatari tatu. Fakti zinakuja mwisho, na historia ndefu pamoja na nakala ya barua ya 1962 zinakaa kwenye kiambatisho kwa mwanasheria atakayekaa pembeni yake. Wengi wanapanga kinyume, historia kwanza, na ndo maana mkubwa anafika kikaoni akiwa anajua Nile una urefu gani na hajui aseme nini.

Ipitishwe pia kwa wenzetu wa Mambo ya Nje kabla haijaenda juu. Siyo kwa ajili ya saini tu. Wao wanajua wiki hiyo balozi kaongea nini, na pengine kuna ahadi imeshatolewa sehemu nyingine ambayo nyie watu wa maji hamjaisikia. Ukiwapelekea saa mbili kabla ya kikao watasaini bila kusoma, kwa hiyo peleka siku tatu kabla, na uwaulize swali moja la moja kwa moja: kuna kitu humu kinapingana na mlichokisema nyie?

Jambo la mwisho ni taarifa ya pamoja. Mara nyingi ujumbe unakuja na rasimu iko tayari kwenye flashi, na inatolewa dakika za mwisho watu wakiwa wanasimama kupiga picha. Humo ndo "matumizi yaliyopo" na "kwa makubaliano ya awali" hujificha, katikati ya sentensi ndefu za undugu. Kwa hiyo kwenye brifu weka aya mbili za taarifa ya pamoja mlizoandika nyie, na mtaje afisa mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kusoma rasimu yao tu, hata asipopiga picha. Akikuta lolote kati ya yale maneno, anampelekea bosi kikaratasi kilichokunjwa chenye neno moja: "bado".

Jioni ileile, kabla kichwa hakijapoa, andika kilichosemwa kweli, nani kasema nini, nani kaahidi takwimu zipi na kwa tarehe gani, uweke kwenye jalada juu ya ile brifu. Na juu ya brifu yenyewe andika kwa kalamu nyekundu: "Imehakikiwa mara ya mwisho tarehe fulani. Ukiitumia tena, anza kwa kuuliza nani karidhia."